Kupima Njia kwa Mita ya Gari

Somo letu la leo linahitaji penseli na karatasi, kwa hiyo asiye navyo na avitafute sasa. Tutasema habari za ile mita ya gari inayohesabu kilomita, na namna ya kuitumia kupima njia.

Tutaichukua njia ambayo wengi wenu wa Ngara na Biharamulo mnaijua. Ni ile itokayo Murugarama, ikapita Rulenge, na kufika Nyakahura kwenye barabara kuu iendayo Rusumo. Katika mipango ya barabara, njia hii imetajwa kuwa ya kilomita 85. Lakini mwenye shughuli ya kijiji mara nyingi hahitaji urefu wa njia nzima. Yeye anataka kujua ni kilomita ngapi kutoka Nyakahura hadi kijijini kwake, kwa sababu amekodi lori la kuleta saruji na mabati ya shule, na mwenye lori anadai malipo kwa kila kilomita. Hapo swali la mita huwa swali la fedha.

Basi kwanza tujue mita inafanya nini. Mbele ya dereva, karibu na mshale wa mwendo, ziko hesabu mbili. Ya kwanza ni odometa, ambayo hujumlisha kilomita zote tangu gari lilipotengenezwa. Ya pili ni mita ya safari, nayo hurudishwa kwenye sifuri kwa kubonyeza kitufe. Katika magari ya zamani, waya uliofungwa kwenye giaboksi huzunguka ndani ya ala yake hadi kwenye mita. Katika magari mengi ya Kijapani ya namna hiyo, waya huzunguka mara 637 kwa kila kilomita. Gia ndogo ndogo huupunguza mzunguko huo, hata kigurudumu cha tarakimu kikasogea polepole. Kigurudumu hicho kikitoka 9 kuingia 0, humsukuma jirani yake wa kushoto hatua moja. Katika magari ya siku hizi waya haupo. Kipo kifaa cha umeme kinachohesabu mizunguko na kupeleka habari kwenye kioo cha tarakimu.

Lakini liwe la waya au la umeme, jambo ni lile lile: mita haiioni barabara. Inahesabu mizunguko tu. Yapata miaka 2000 iliyopita, Mrumi mmoja aitwaye Vitruvio alieleza gari lililodondosha kijiwe kimoja sandukuni kila gurudumu lilipozunguka mara 400, na mwisho wa safari watu walihesabu vijiwe. Mita yetu bado inadondosha vijiwe.

Sasa tazameni hatari iliyomo. Tuseme tairi jipya la gari letu lina mzingo wa mita 2 na nusu. Likizunguka mara 400, gari limekwenda mita 1,000, yaani kilomita moja, na mita imetengenezwa kwa hesabu hiyo. Kisha kashata za tairi zikaisha kwa milimita 8. Mzingo hupungua kama sentimita 5, na sasa tairi lazima lizunguke mara 408 ili kufika pale pale. Mita haijui kwamba tairi limechakaa. Kwa kila kilomita 100 za kweli yenyewe itaandika 102. Tairi lenye upepo mchache, au lililolemewa na mzigo, huleta kosa la upande huo huo. Mwenye gari akifunga tairi kubwa kuliko lile la kiwandani, kosa hugeuka: mita huandika kilomita chache kuliko zile gari lilizokwenda.

Dawa yake si kuitupa mita. Dawa ni kuijaribu kwanza mahali penye urefu unaojulikana. Kwenye barabara kuu ya lami ziko nguzo za kilomita. Jazeni upepo unaotakiwa, pakieni mzigo kama ule utakaobebwa, kisha simamisheni lori sambamba na nguzo mojawapo na mita ya safari iwe sifuri. Nendeni hadi nguzo ya ishirini mbele yake, bila kuchepuka. Msitumie kilomita moja tu, kwa maana tarakimu ya mwisho ya mita ni sehemu ya kumi ya kilomita, yaani mita 100 nzima. Katika kilomita moja kosa la mita 100 ni kubwa mno, lakini katika kilomita 20 ni dogo.

Tuseme mmefika na mita inasoma 20.6. Andikeni. Maana yake lori hili huandika 20.6 palipo na 20. Hiyo ndiyo sahihisho yenu, nayo ni ya lori hilo na matairi hayo tu. Matairi yakibadilishwa, jaribuni upya.

Sasa rudini Nyakahura, rudisheni mita kwenye sifuri mahali ambapo kila mtu atapakumbuka, na mwandike pia tarakimu zote za odometa. Mkono ukigusa kitufe njiani kwa bahati mbaya, mita ya safari itapotea, lakini odometa itabaki kuwa shahidi. Mjumbe wa kamati akae karibu na dereva na daftari. Kila mfikapo daraja, njia panda au shule, aandike jina na tarakimu. Mkiingia pembeni kumsalimu mtu, andikeni mlipotoka njiani na mliporudi, ili kipande hicho kitolewe.

Tuseme mlangoni pa shule mita imesoma 30.9. Zidisheni 30.9 kwa 20, mpate 618. Gawanyeni kwa 20.6, mpate 30. Urefu wa kweli ni kilomita 30. Tofauti ya 0.9 yaonekana kama si kitu. Lakini lori likienda na kurudi mara 20, inakuwa kilomita 36. Kama bei ni shilingi 3,000 kwa kilomita, kamati imelipia shilingi 108,000 kwa kilomita ambazo hazipo duniani, na huenda hakuna aliyeiba.

Pimeni tena wakati wa kurudi. Vipimo viwili vikitofautiana kwa mita 100, msigombane. Vikitofautiana kwa nusu kilomita, ulizeni sababu. Wakati wa mvua, katika vilima vya Ngara, magurudumu yanayosukuma gari huteleza matopeni. Yanazunguka, gari limesimama, na mita inahesabu. Kuteleza kwa namna hiyo huongeza tu, hakupunguzi. Kwa hiyo siku ya kupima iwe siku kavu. Katika pikipiki nyingi waya wa mita umefungwa gurudumu la mbele, nalo halisukumi, kwa hiyo kuteleza kwa gurudumu la nyuma hakuihusu mita. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya waya hizo zimekatika zamani.

Simu yenye kupokea setilaiti nayo hupima, na ni vema kulinganisha. Ila simu huunganisha nukta kwa mistari iliyonyoka, na kwenye kona kali huweza kukata pembe. Kwa kipande kifupi, kama kutoka barabarani hadi kisimani, msitumie gari wala simu. Tumieni kamba iliyopimwa.

Zoezi la wiki hii. Gari jingine limejaribiwa kwenye nguzo kwa kilomita 10, na mita ikasoma 9.7. Kisha likapima njia ya kijiji na kusoma 29.1. Njia hiyo ina urefu gani wa kweli, na matairi ya gari hilo yana sura gani yakilinganishwa na yale ya kiwandani?