Sifuri Moja, Herufi Moja

Mwaka 2006 shirika la ndege la Italia, Alitalia, lilitangaza mtandaoni nauli ya daraja la biashara kutoka Toronto kwenda Saiprasi kwa dola 39. Bei iliyokusudiwa ilikuwa dola 3,900. Kosa lilipogunduliwa, tiketi zipatazo 2,000 zilikuwa zimeshanunuliwa, na shirika likakubali kuwasafirisha wateja hao kwa bei ile ile.

Madalali wa viwanja nao hukutana na hatari hiyo hiyo. Tuchukue tangazo la mfano: “Kiwanja kinauzwa Kibaha, Kigamboni. Mita 25 kwa 30, jumla mita za mraba 700. Bei ni shilingi 12,000 kwa mita ya mraba; kiwanja chote 90,000,000. Hati ipo mkononi. Hati itatoka baada ya malipo.”

Kwa haraka haraka, linasomeka vizuri. Lakini 25 mara 30 ni 750, si 700. Mita 750 kwa shilingi 12,000 ni milioni 9, si 90.

Hapa ndipo wengi hukosea mara ya pili, kwa kusahihisha kwa kubahatisha. Hesabu huonyesha kwamba namba zinagombana. Haisemi ipi ni ya kweli. Huenda upande mmoja una mita 28, kwa kuwa 28 mara 25 ni 700 kamili. Huenda pia bei ya mita ni 120,000, na sifuri imeanguka huko. Vipimo vitafutwe kwenye hati au ramani ya upimaji, na bei aulizwe mwenye kiwanja.

Jina la mahali lina mtego wake. Kibada ipo Kigamboni. Kibaha ni mji wa Mkoa wa Pwani, kwenye barabara ya Morogoro. Herufi moja imempeleka mnunuzi upande mwingine kabisa, na simu haitapiga mstari mwekundu chini ya neno, maana majina yote mawili ni sahihi. Kosa la namna hii hukamatwa na anayepafahamu mahali penyewe.

Kauli mbili za hati nazo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Ili kuzinasa, tangazo lisomwe kwa mada badala ya mstari kwa mstari: kila panapotajwa hati pawekwe pamoja, kisha bei, kisha ukubwa.

Namba ya simu isilinganishwe kwa macho tu. Ipigwe kwa kunakiliwa kutoka kwenye tangazo lenyewe, si kutoka kwenye majina yaliyohifadhiwa, ambako namba sahihi huficha kosa lililochapwa.

Dalali mwenye tangazo lililokamilika na amsomee mwenye kiwanja kwa sauti, namba moja moja, hati ikiwa wazi mbele yao, kabla ya kulitoa.