Pengo la Anioni katika Ketoasidosisi ya Kisukari

Pengo la anioni ni tofauti kati ya sodiamu ya damu na jumla ya kloridi na bikaboneti:

Na − (Cl + HCO3)

Katika maabara nyingi, mtu mzima mwenye afya hupata kati ya 8 na 12, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Tofauti hiyo haitokani na upungufu wa chaji, kwa kuwa ioni chanya na ioni hasi za damu hulingana daima. Inatokana na vitu ambavyo hesabu hii haivihusishi. Upande wa chanya zinaachwa potasiamu, kalisi na magnesi. Upande wa hasi inaachwa albumini, pamoja na fosfeti, salfeti na mabaki mengine ya asidi za mwili. Vinavyoachwa upande wa hasi ni vingi zaidi, na ziada yake ndiyo pengo. Kwa mtu mwenye afya, sehemu kubwa ya ziada hiyo ni albumini. Maabara nyingine huingiza potasiamu katika hesabu, na kwao kiwango cha kawaida hupanda kwa takriban 4, hivyo mwanafunzi aanze kwa kujua kanuni ya maabara anayoitegemea.

Insulini inapokosekana, tishu za mafuta huachia asidi za mafuta kwa wingi na ini huzigeuza kuwa asidi mbili za ketoni: asetoasetati na beta-hidroksibutirati. Kila molekuli ya asidi hizo inapoingia kwenye damu huachia ioni ya hidrojeni na mabaki yenye chaji hasi. Hidrojeni inanaswa na bikaboneti, na zao lake ni maji na kabonidayoksaidi inayotolewa na mapafu. Mabaki ya ketoni yanasalia katika damu. Bikaboneti imeshuka, kloridi haijapanda, na mahali pa bikaboneti iliyotumika pamekaliwa na ioni isiyopimwa, kwa hiyo pengo linapanuka. Kwa mgonjwa wa kuhara mambo huenda kwa njia nyingine. Yeye hupoteza bikaboneti yenyewe kupitia utumbo, figo zinabakiza kloridi badala yake, na pengo linabaki la kawaida hata kama damu ina asidi nyingi kiasi kilekile.

Chukua mfano wa kubuni wa msichana wa miaka 19 mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyeacha insulini siku kadhaa na kufikishwa wodini akitapika, amekaukiwa maji na anahema kwa kina. Glukosi yake ni 28, sodiamu 132, kloridi 94, bikaboneti 8, na pH ni 7.22. Jumla ya kloridi na bikaboneti ni 102, hivyo pengo ni 30. Sodiamu inayotumika hapa ni ile iliyopimwa. Ile inayosahihishwa kwa ajili ya glukosi ina kazi nyingine, kwa kuwa maji yanayovutwa na glukosi huzimua sodiamu na kloridi pamoja. Kusahihisha moja na kuiacha nyingine hutengeneza pengo lisilokuwepo.

Kabla ya kuitegemea namba hiyo, itazamwe albumini. Kila inaposhuka kwa gramu 10 kwa lita chini ya 40, pengo huongezewa takriban 2.5. Msichana huyu ana albumini ya kawaida, hivyo 30 inabaki 30. Lakini kwa mgonjwa mwenye utapiamlo ambaye albumini yake ni 20, pengo linaloonekana kuwa 12 kwa kweli ni 17. Anayesahau hatua hii anaweza kumpita mgonjwa mwenye ketoni akidhani damu yake ni shwari.

Hatua inayofuata ni kulinganisha kupanda kwa pengo na kushuka kwa bikaboneti. Pengo limepanda kutoka 12 hadi 30, yaani 18. Bikaboneti imeshuka kutoka 24 hadi 8, yaani 16. Namba hizi zinakaribiana, na hivyo ndivyo ketoasidosisi isiyochanganyika na tatizo jingine huonekana kwa kawaida. Kama bikaboneti yake ingekuwa 18 huku pengo likiwa 30, ingebidi kuuliza ni nini kinachoipandisha, na jibu la kwanza kwa mtu anayetapika ni asidi ya tumbo aliyoipoteza. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuwa na pH inayokaribia kawaida, na bila kupiga hesabu ya pengo ugonjwa wake ungefichika kabisa. Kama, kinyume chake, bikaboneti imeshuka kuliko pengo lilivyopanda, kuna asidosisi ya pili yenye kloridi nyingi, kama ya kuhara.

Kuhema kwa kina, ambako Adolf Kussmaul alikueleza mwaka 1874, nako kuna hesabu yake. Kabonidayoksaidi inayotarajiwa katika damu ya ateri, kwa milimita za zebaki, ni 1.5 × HCO3 + 8, ikipungua au kuzidi kwa 2. Kwa bikaboneti ya 8 jibu ni 20, na msichana huyu alipimwa akakutwa na 20. Angekutwa na 30, hiyo ingekuwa dalili ya hatari: mapafu yameshindwa kufuata, au misuli ya kupumua imechoka.

Pengo lina kazi kubwa zaidi baada ya matibabu kuanza. Msichana anapewa dripu ya maji ya chumvi, potasiamu inayofuatiliwa kwa karibu, na insulini ya mshipa. Saa sita baadaye glukosi imeshuka hadi 12. Wengi hufikia hapa wakasimamisha insulini, nao wanakosea. Sodiamu ni 136, kloridi 103, bikaboneti 12; pengo ni 21. Sukari imeshuka lakini ini bado linatengeneza ketoni. Kinachotakiwa ni kuongeza dekstrosi kwenye dripu ili insulini iendelee bila sukari kushuka mno. Ukanda wa mkojo hausaidii katika kipindi hiki, kwa sababu unapima asetoasetati na si beta-hidroksibutirati. Mgonjwa anapopona, beta-hidroksibutirati hugeuka kuwa asetoasetati, na ukanda unaweza kuonyesha rangi iliyokolea zaidi wakati hali yake inaboreka. Inapopatikana mashine ya kupima beta-hidroksibutirati ya damu, itumike hiyo. Isipopatikana, pengo ndilo la kufuatwa.

Saa kumi na mbili tangu kuanza, sodiamu ni 138, kloridi 111, bikaboneti 16, pH 7.32. Pengo ni 11. Bikaboneti bado iko chini, na daktari kijana anaweza kudhani ketoni zimekaidi, akaongeza insulini au akatoa bikaboneti ya mshipa. Ketoni zimekwisha. Kilichobaki ni asidosisi ya kloridi nyingi, yenye sababu mbili. Maji ya chumvi ya kawaida yana kloridi 154 kwa lita, kiasi kinachozidi sana kile cha damu. Pia ketoni zilizotoka na mkojo kabla na wakati wa matibabu zingegeuzwa na ini kuwa bikaboneti kama zingebaki mwilini, hivyo malighafi hiyo imepotea. Figo zinazofanya kazi hurekebisha upungufu huo zenyewe katika siku zinazofuata.

Msichana akiweza kula, insulini ya chini ya ngozi ianze, na ile ya mshipa iendelee saa moja au mbili zaidi kabla ya kuondolewa. Ikiondolewa mapema, ketoni hurudi na pengo hufunguka upya, mara nyingi kabla sukari haijapanda kiasi cha kumshtua mtu. Kwa hiyo sodiamu, kloridi na bikaboneti zipimwe tena saa chache baada ya dripu kutolewa.