Ankara Ikikosewa, Sema Mapema

Chukua duka la vifaa vya ujenzi Tanzania Bara, ambako kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18. Mteja kanunua mifuko 40 ya saruji kwa shilingi 17,700 kila mmoja, kodi ikiwamo. Jumla ni 708,000. Karani akasahau kwamba kodi imo, akaongeza asilimia 18 tena, ankara ikasoma 835,440.

Kuhakiki ni rahisi: gawanya 708,000 kwa 1.18, utapata 600,000 ya bidhaa. 108,000 inayobaki ndiyo kodi.

Barua ya marekebisho itaje namba ya ankara, kosa, kiasi sahihi na hatua inayofuata:

“Ndugu Mteja, katika ankara namba 214 tulitoza kodi mara mbili. Kiasi sahihi ni shilingi 708,000, si 835,440. Kama umeshalipa, tutakurudishia 127,440. Tunaomba radhi kwa usumbufu.”

Radhi hiyo fupi yatosha. Maelezo marefu huficha tarakimu anazozitafuta mteja. Ankara ya awali isichanwe wala kufutwafutwa. Ambatisha hati ya kupunguza deni inayotaja namba yake, ili vitabu vya pande zote mbili vilingane.