Pampu Ipimwe kwa Kisima Chenyewe



Watu wanapochangishana kununua pampu ya kuzama kisimani, kwanza huuliza ipi ina nguvu zaidi. Penye kisiwa kama Kudha, katika visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayo, swali hilo laweza kuharibu kisima. Chini ya kisiwa cha matumbawe, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya wataalamu, ukishusha uso wa maji matamu kwa mita 1, maji ya chumvi mwishowe huweza kupanda kutoka chini kwa mita 40 hivi. Kwa hiyo hesabu ianze kwa mahitaji ya watu.

Tuchukue mfano wa nyumba 20, kila nyumba watu 6, kila mtu lita 25 kwa siku. Jumla ni lita 3,000. Tukivuta kwa saa 6, twahitaji lita 500 tu kwa saa.

Sasa kipimwe kisima. Alfajiri, kabla mtu hajateka, teremsha kamba yenye uzito toka mdomoni hadi usoni mwa maji. Tuseme ni mita 6. Rudia bahari ikijaa na ikipwa, ushike kipimo kirefu. Halafu vuta lita 500 kwa saa, kwa saa 6, ukipima kila nusu saa. Maji yakitulia kwenye mita 6 na sentimita 30, mshuko ni sentimita 30. Ukivuta lita 2,000 kwa saa, mshuko utakuwa mara 4 au zaidi, na hapo unaita chumvi.

Kimo cha kuinua maji ni hizo mita 6.3, ongeza mita 5 za tangi juu ya ardhi, na mita 1 kwa ajili ya msuguano wa bomba. Ni mita 12.3; tuseme 13. Kazi hiyo yahitaji wati 18 hivi. Pampu ndogo hupoteza kama theluthi mbili ya nguvu inayopewa, basi mota ya wati 60 hivi yatosha.

Dukani msidanganywe na maandishi ya juu ya boksi. Pampu iliyoandikwa "mita 60, lita 3,000 kwa saa" haitoi vyote viwili kwa pamoja: ikifika mita 60, maji hayatoki kabisa. Ombeni mchoro wake, mtazame penye mita 13 inatoa lita ngapi.

Itundikwe kama mita 1 chini ya maji yaliyoshuka, isiwe karibu na sakafu ya kisima, maana chumvi iko chini.

Baadaye, sabuni ikianza kukataa povu au chai ikibadilika ladha jioni, punguzeni kasi ya kuvuta siku hiyo hiyo. Maji yakishachanganyika na chumvi, huchukua muda mrefu kutulia tena.