Digrii Unayo, Namba ya TSC Huna

Ukienda kuomba kazi ya kufundisha katika shule ya upili nchini Kenya, iwe ya serikali au ya kibinafsi, swali moja halikawii kuja: "Namba yako ya TSC ni ngapi?" Mhitimu wa uhasibu, kemia, takwimu au uanahabari hujibu kwamba namba hana ila digrii anayo, tena nzuri. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Mara nyingine mwalimu mkuu aliyepungukiwa na walimu humchukua kimyakimya kwa malipo madogo, na mhitimu akaamini kwamba ameshaingia katika ualimu. Hajaingia.

Jambo hili limeandikwa katika Katiba yenyewe. Kifungu cha 237 kinaipa Tume ya Huduma za Walimu, ambayo wengi tunaiita TSC, majukumu kadhaa, na la kwanza kutajwa ni kusajili walimu waliopata mafunzo. La pili ni kuwaajiri hao waliosajiliwa. Mpangilio huo una maana yake: kwanza mafunzo, kisha usajili, kisha ajira. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 ikaongeza kwamba asiyesajiliwa haruhusiwi kufundisha, na marufuku hiyo haiishii kwa shule za serikali. Kwa hiyo mwenye digrii ya kemia, hata kama anaijua kemia kuliko mwalimu aliye darasani, mbele ya sheria ni mwanakemia. Bado si mwalimu.

Mafunzo yanayomfaa mtu wa namna hii ni stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo vyuoni huitwa PGDE. Huchukua takriban mwaka mmoja wa masomo. Humo mtu husoma saikolojia ya elimu, falsafa na historia ya elimu, mitaala, upimaji wa wanafunzi na mbinu za kufundisha masomo yake mawili, kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha huku wahadhiri wakija kumkagua darasani. Vyuo vikuu vingi vya Kenya vinaitoa, vya umma na vya kibinafsi, na baadhi huipanga wakati wa likizo ili walio kazini waweze kuisoma.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Husikia kwamba PGDE ndiyo daraja, wanalipa karo, wanasoma mwaka mzima, wanahitimu, halafu TSC inakataa kuwasajili. Chuo hakikuwadanganya. Chuo kina masharti yake ya kumpokea mwanafunzi, na TSC ina masharti yake ya kumsajili mwalimu. Kupokelewa na chuo si ahadi kwamba tume nayo itakukubali, kwa sababu tume haiangalii stashahada peke yake. Inarudi nyuma hadi kwenye matokeo yako ya kidato cha nne, kisha inafungua transkripti ya digrii na kuhesabu.

Kwa anayetaka kufundisha shule ya upili, vipimo vikuu ni vitatu, na vyote lazima vikutane katika masomo mawili yaleyale. Cha kwanza ni alama ya wastani ya KCSE isiyopungua C+. Cha pili ni C+ au zaidi katika kila somo kati ya yale mawili utakayofundisha. Cha tatu ni kwamba katika digrii yako uwe umesoma yuniti zisizopungua nane za kila somo kati ya hayo mawili. Alama nzuri ya KCSE katika somo ambalo chuoni hukuligusa haikusaidii. Yuniti kumi na mbili za somo ulilopata C kamili katika KCSE hazikusaidii pia.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayoonekana sana. Kijana amesomea kemia ya viwandani kwa miaka minne na kufanya kazi katika kiwanda cha rangi. Sasa anataka kufundisha. Wastani wake wa KCSE ni B-. Kemia alipata B, Hisabati B-, Biolojia B, Fizikia C. Akiitazama karatasi hiyo peke yake anajiona yuko salama: ana masomo matatu ya kuchagua, na anaweza kuiacha Fizikia.

Sasa aifungue transkripti. Kemia haina shida, yuniti zinazidi ishirini. Biolojia, aliyoipenda sana shuleni, chuoni hakuisoma hata mara moja, kwa hiyo B yake inabaki kumbukumbu tu. Fizikia ana yuniti nne, na hata angekuwa na nane, ile C ingemfungia mlango. Imebaki Hisabati. Anahesabu: kalkulasi mbili, aljebra moja, takwimu moja, milinganyo tofautishi moja. Jumla tano. Ipo yuniti ya sita iliyofundishwa na idara ya kemia, ya mbinu za hesabu kwa wanakemia, lakini msimbo wake ni wa kemia. Asitegemee kwamba itahesabiwa kuwa Hisabati. Anapungukiwa yuniti tatu.

Kijana huyu akikimbilia PGDE leo, chuo huenda kikampokea kama mwalimu mtarajiwa wa Kemia na Hisabati, naye akaenda mazoezini akafundisha masomo yote mawili vizuri sana. Upungufu wa yuniti tatu hautapona kwa hilo, kwa maana yuniti za PGDE ni za ualimu, si za Hisabati. Linalomfaa ni kwenda kwanza katika idara ya hisabati ya chuo kikuu kinachotambuliwa na kuuliza kama kinapokea mwanafunzi wa yuniti chache, asiyesomea digrii nzima, na kama kitampa transkripti rasmi ya yuniti hizo. Kabla ya kulipa aiandikie TSC, au afike katika ofisi ya tume ya kaunti akiwa na nakala za vyeti vyake, aulize kama yuniti za nyongeza zilizopatikana kwa njia hiyo zitakubaliwa, na aombe jibu kwa maandishi. Neno la mdomo la ofisa aliyekuwa dirishani halitamsaidia siku faili itakapofika mezani kwa ofisa mwingine.

Aliyesomea digrii ya kazi mahususi, kwa mfano uuguzi, sheria au uhandisi wa ujenzi, hesabu yake ni ngumu zaidi, kwa sababu digrii hizo hazikupangwa kuzunguka masomo ya shule. Mhandisi ana hisabati na fizikia nyingi, lakini mara nyingi zimefichwa ndani ya yuniti zenye majina ya kihandisi. Wengi wa hawa ningewashauri waangalie pia vyuo vya ufundi. Huko wakufunzi hupewa leseni na mamlaka nyingine, TVETA, chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013, na ujuzi wao wa kazi una nafasi kubwa zaidi kuliko katika shule ya upili.

Tuseme sasa kijana wetu amekamilisha yuniti zake na PGDE ameipata. Usajili wenyewe si mgumu. Maombi hufanywa mtandaoni kupitia tovuti ya tume, tsc.go.ke, na ada ni shilingi 1,055. Ataambatisha cheti cha KCSE, cheti na transkripti ya digrii, cheti na transkripti ya PGDE, kitambulisho, namba ya siri ya KRA, picha ya pasipoti na fomu ya afya iliyojazwa na daktari aliyesajiliwa. Ataambatisha pia cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho huombwa kupitia eCitizen, kisha mtu akaenda kuchukuliwa alama za vidole katika makao makuu ya idara hiyo kwenye Barabara ya Kiambu au katika Huduma Senta. Cheti hicho hakikuwekwa pale kwa ajili ya urasimu tu. Tume ina wajibu wa kuwazuia watu waliowadhulumu watoto wasifike darasani, na sheria hiyohiyo inaipa uwezo wa kumfuta mwalimu katika daftari lake.

Kinachochelewesha maombi mengi ni jambo dogo: majina. Cheti cha KCSE kina majina mawili, digrii ina matatu, kitambulisho kina jina la mume lililoongezwa baada ya ndoa. Kila tofauti inahitaji maelezo ya kisheria, ama kiapo mbele ya wakili ama hati iliyosajiliwa ya kubadili jina. Shughuli hiyo ifanywe mapema, wakati PGDE ikiendelea. Aliyesoma nje ya Kenya ana hatua nyingine kabla ya zote: vyeti vya sekondari vya Uganda, Tanzania au kwingineko hulinganishwa na Baraza la Mitihani, KNEC, na digrii ya kigeni huhitaji kutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Usidanganyike pia na anayekuambia kwamba anamjua mtu ndani ya tume na kwamba zile yuniti tatu "zitapatikana". Matokeo ya KCSE yanaweza kuthibitishwa na KNEC, na digrii na chuo kilichoitoa. Anayekamatwa na karatasi ya kughushi anakabiliwa na kesi ya jinai, na hofu hiyo ataishi nayo hata akiwa amefundisha miaka kumi bila kugunduliwa.

Namba ikitoka, ielewe ilivyo. Inakuruhusu kufundisha, haikupi kazi. TSC hutangaza nafasi kulingana na bajeti ya mwaka, na Kenya ina walimu wengi waliosajiliwa ambao bado wanangoja. Wengi huanza kwa kuajiriwa na bodi ya shule au katika shule ya kibinafsi. Mwalimu wa Hisabati na Kemia hupata nafasi kwa urahisi kuliko wa masomo yaliyojaa watu, na hilo nalo ni la kupimwa kabla ya kuchagua lile somo la pili.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi ya karo ya PGDE, keti na cheti chako cha KCSE na transkripti ya digrii. Piga mstari chini ya kila somo la shule ulilopata C+ na kuendelea, kisha hesabu yuniti za kila moja, ukifuata msimbo wa idara wala si jina pekee. Yakipatikana mawili yenye nane kila moja, nenda ukajiandikishe. Likipatikana moja tu, swali lako la kwanza lipeleke TSC.