Kitanda Kinacholia Usiku

Kitanda cha tano kwa sita kilichotengenezwa na maseremala wa Keko, Dar es Salaam, kinaweza kukaa kimya mwaka mzima. Mwenyewe akihamia Dodoma, kiangazi hakijaisha kitanda kimeanza kulia kila mtu anapojigeuza. Lawama humwangukia fundi, lakini mara nyingi kilichobadilika ni hewa.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Hewa ya pwani ni nzito, ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu, na mbao ikikauka husinyaa upande wa unene na upana. Urefu wake haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Mguu wa kitanda wenye unene wa inchi 3 unaweza kusinyaa karibu milimita moja. Bolti inayopita kwenye mguu huo ni chuma, haisinyai. Kwa hiyo kichwa cha bolti, kilichokuwa kimeukaba mguu barabara, sasa kina nafasi ya kucheza. Ukiweka uzito, ubavu wa kitanda unasogea kidogo, unakwama, unaachia, unakwama tena. Huko kukwama na kuachia ndiko sikio linakosikia kama mlio.

Dawa yake ni spana. Kwenye bolti ya milimita 8, ambayo kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 13, mzunguko mmoja husogeza nati milimita 1 na robo. Maana yake, robo tatu ya mzunguko inatosha kurudisha kilichopotea. Anayezungusha zaidi ya hapo kwa nguvu huzamisha kichwa cha bolti ndani ya mbao na kuziponda nyuzi zake, kisha kiungo hulegea upya. Ndiyo sababu washa pana si urembo: inasambaza mkazo. Ile nyembamba inayolingana na kichwa cha bolti haisaidii sana.

Hata hivyo bolti haikuwekwa pale ibebe watu. Kazi yake ni kuvuta ubavu ukae ukikandamiza mguu. Uzito hubebwa na ulimi uliochongwa mwishoni mwa ubavu na kuingia kwenye tundu la mguu. Ulimi ukicheza ndani ya tundu lake, hakuna spana itakayonyamazisha kitanda hicho. Itabidi kibandikwe kipande chembamba cha mbao kwenye ulimi, kisha uchongwe upya hadi uingie kwa kusukumwa na mkono. Kabla ya kuufunga, mafundi wengine huusugua kwa mshumaa. Nta hufanya mbao iteleze badala ya kukwama, na mbao inayoteleza hailii. Gundi haifai hapa, maana siku ya kuhama kitanda hakitapita mlangoni.

Kosa la kawaida wakati wa kuunganisha ni kukaza kona moja mpaka mwisho ndipo kuhamia nyingine. Fremu hupinda, na kona ya mwisho hulazimishwa ikae. Bolti zote zifungwe kwanza kwa vidole. Kisha ipimwe fremu kwa tepu, kutoka kona hadi kona ya mshazari: kwa tano kwa sita, vipimo vyote viwili vikaribie sentimita 238. Kimoja kikizidi, kona zenye urefu huo zisukumwe kwa ndani hadi vilingane. Hapo ndipo spana ishikwe, kona moja kisha inayoikabili kwa mshazari, kidogo kidogo.

Bolti zikishakaa sawa, mshukiwa anayebaki ni chaga. Ncha zake hulala juu ya kipande cha mbao kilichopigiliwa kwa ndani ya ubavu, na kila godoro linapobonyea, ncha hizo husugua. Chaga ikikatwa ndefu hadi inagusa ubavu, inasugua pande mbili. Ikatwe fupi kwa milimita 2 au 3 kila upande, na chini yake kitandazwe kipande cha tyubu ya baiskeli au blanketi chakavu. Msumari nao ni adui: ukishalegea kwenye tundu lake, wenyewe ndio unaolia. Skrubu moja kila ncha inashika vizuri zaidi.

Kitanda kilichokwisha kuanza kulia hukaguliwa bila godoro. Mtu mmoja anakitikisa, mwingine anaweka kiganja kwenye kila kiungo kwa zamu. Mtetemo huhisiwa hata pale sikio linapodanganywa na mwangwi wa chumba. Kisha chaga zote zitolewe na kitanda kitikiswe tena. Kikinyamaza, fremu haina kosa. Kisipolia kwa namna yoyote, hadi mtu apande juu, utazamwe mguu wa kati unaoshikilia boriti chini ya chaga. Sakafu ya saruji haikosi bonde, na mguu unaoning'inia nusu sentimita huiacha boriti ibonyee kila usiku. Kipande cha mbao chenye unene huohuo kikisukumwa chini yake, boriti inatulia.