Ushindi Saba Kati ya Tisa

Mwaka 2019 timu ya ENCE kutoka Ufini ilifanya jambo ambalo wapenzi wa Counter-Strike walikuwa wameanza kuliona haliwezekani: iliifunga Astralis ya Denmark kwenye ramani ya Nuke. Kabla ya siku hiyo Astralis walikuwa wameshinda Nuke mara 31 mfululizo katika mashindano yanayochezwa ukumbini, timu zote zikiwa chini ya paa moja. Kama wangekuwa na nguvu sawa kabisa na wapinzani wao, nafasi ya kupata mfululizo huo kwa bahati tupu ingekuwa moja kati ya zaidi ya bilioni mbili. Hapo hahitajiki mtaalamu wa takwimu. Astralis waliijua Nuke kuliko wenzao, basi.

Tatizo ni kwamba rekodi za namna hiyo ni nadra mno. Timu nyingi zina rekodi kama ushindi saba katika mechi tisa, na hapo ndipo wachambuzi, mashabiki na hata makocha wanapopotea.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu: watu watano wanacheza na watu watano. Upande mmoja unashambulia ili utege bomu, mwingine unalinda, na baada ya raundi 12 wanabadilishana. Wa kwanza kufikisha raundi 13 ameshinda ramani. Ramani ndiyo uwanja wenyewe, na mashindano makubwa hutumia saba kwa wakati mmoja. Kila moja ina njia zake, kona zake na urefu wake wa kukimbia, hivyo kuzijua zote kwa kina kunataka mazoezi ambayo timu nyingi hazina muda nayo. Ni kama ligi ya soka ambayo wiki hii mnacheza kwenye nyasi, wiki ijayo mchangani, na ninyi wenyewe mna sauti katika kuamua.

Sauti hiyo huitwa veto. Katika mchuano wa ramani tatu, utaratibu wa kawaida ni huu: timu A inaondoa ramani moja, timu B inaondoa moja, A inachagua ramani ya kwanza, B inachagua ya pili, kisha kila timu inaondoa moja tena. Ile inayobaki huwa ya tatu, ya kuamua mshindi ikiwa wamegawana mbili za mwanzo. Kwa kawaida timu isiyochagua ramani ndiyo inayoamua ianze kushambulia au kulinda.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye sura ambayo mchambuzi yeyote wa timu anakutana nayo. Sisi ni timu A, na tunaanza kuondoa. Tumekusanya michuano 50 ya timu B kwa mwaka mzima. Kwenye Mirage wamecheza ramani 40 na kushinda 24, yaani asilimia 60. Kwenye Ancient wamecheza tisa na kushinda saba, asilimia 78. Kocha anatazama namba hizo mbili na kusema tuondoe Ancient, huko wanatisha.

Nafasi ya sarafu kuangukia upande uliotajwa mapema mara saba au zaidi katika kurushwa mara tisa ni karibu asilimia 9. Mtu anaweza kusema hiyo ni ndogo, kwa hiyo B ni hodari kweli. Lakini sisi hatukuichagua Ancient kabla ya kuona matokeo. Tulitazama ramani zote wanazocheza, tukaiokota ile yenye namba kubwa. Timu isiyo na ramani yoyote bora, iliyo nusu kwa nusu kwenye ramani sita na kucheza mechi tisa kwa kila moja, ina nafasi ya asilimia 43 ya kuonyesha angalau ramani moja yenye ushindi saba au zaidi. Kwa hiyo karibu kila timu ya kawaida unayoichunguza inaweza kuonekana ina "ngome" mahali fulani, hata kama ngome hiyo haipo.

Njia nzuri ya kujilinda ni kuacha kutazama asilimia moja na kutazama eneo ambamo uwezo wa kweli unaweza kuwamo. Kanuni iliyotolewa na Edwin Wilson mwaka 1927 inafaa sana kwa hesabu ndogo. Ukiitumia kwa kiwango kilichozoeleka cha uhakika, asilimia 95, saba kati ya tisa inakupa eneo la asilimia 45 hadi 94. Ishirini na nne kati ya arobaini inakupa asilimia 45 hadi 74. Mwisho wa chini ni uleule! Ramani inayotisha na ile inayoonekana ya wastani hazijatengana kiasi cha kumruhusu mtu kuapa ipi ni bora. Tunachoweza kusema kuhusu Ancient ni kwamba tunajua kidogo.

Wapo wanaopendelea njia rahisi zaidi: ongeza mechi kumi za kufikirika, tano za ushindi na tano za kushindwa, kisha piga hesabu upya. Ancient inakuwa 12 kati ya 19, asilimia 63. Mirage inakuwa 29 kati ya 50, asilimia 58. Pengo la pointi 18 limebaki pointi 5. Kumi si namba takatifu, na timu inayoshinda mara nyingi kwa jumla ingestahili kuvutwa kuelekea wastani wake yenyewe badala ya nusu kwa nusu. Ila hata ikitumiwa hivi hivi, njia hii inazuia mechi chache zisipige kelele kuliko uzito wake.

Baada ya hapo inabidi kuzifungua mechi zenyewe. Ushindi saba wa Ancient, katika mfano wetu, una mara nne za 13 kwa 11 na mara tatu za 13 kwa 9. Vipigo viwili ni 5 kwa 13 na 9 kwa 13. Jumla ya raundi ni 105 walizoshinda na 97 walizopoteza, asilimia 52. Picha imebadilika kabisa. Raundi ni nyingi kuliko mechi, kwa hiyo zina habari zaidi, lakini zisichukuliwe kama matukio 202 yanayojitegemea. Katika Counter-Strike silaha hununuliwa kwa pesa inayopatikana ndani ya mchezo. Anayeshinda raundi ya kwanza ya nusu, ile ya bastola, mara nyingi huingia ya pili akiwa na bunduki nzuri huku mpinzani akiwa hana kitu. Raundi moja huzaa nyingine. Tangu Counter-Strike 2 itoke mwaka 2023, mchezo umefupishwa kutoka raundi 30 hadi 24 ilhali raundi za bastola zimebaki mbili, kwa hiyo uzito wake umeongezeka na matokeo ya ramani moja yamekuwa rahisi zaidi kuyumba.

Jambo linalonivutia zaidi ni lile ambalo jedwali la ushindi halina kabisa: nani aliichagua ramani hiyo? Katika mechi tisa za Ancient, B wenyewe waliichagua mara moja tu. Mara sita ilichaguliwa na wapinzani, na mara mbili ilibaki ya mwisho. Wanaocheza nayo mazoezini kila wiki, wanaojua udhaifu wao kuliko mtu yeyote, hawaikimbilii. Mirage wameichagua mara 33 katika michuano 50. Hapo wametuambia wanaamini nini.

Uchaguzi huo unaipinda hata asilimia yenyewe. Anayeiogopa Mirage ya B huiondoa mapema, kwa hiyo 40 zilizochezwa ni dhidi ya timu zilizojiona zinaweza kuhimili. Asilimia 60 dhidi ya watu wa aina hiyo huenda inaficha nguvu. Ancient nayo imeletwa zaidi na wapinzani walioona ufa fulani, na tukikuta kwamba wanne kati ya hao sita walikuwa timu dhaifu zilizopita kwa shida kwenye hatua za awali, tunapata maelezo mengine ya ule ushindi. Kiwango cha ushindi kwenye ramani daima ni kiwango dhidi ya wale waliokubali kucheza hapo.

Halafu kuna kuondoa. B wameiondoa Nuke mwanzoni kabisa mara 47 kati ya 50. Hawana rekodi ya Nuke, na mtu anayesoma jedwali la ushindi anaona nafasi tupu. Mimi naona taarifa iliyo imara kuliko zote tulizonazo. Matokeo ya mechi yanachanganya uwezo, bahati, mpinzani na risasi iliyopita nywele mbili kando ya kichwa. Kuondoa ramani ni uamuzi wa watu waliokaa na kupanga, ndiyo maana tabia ya veto husomeka kwa michuano michache wakati ushindi bado haujasomeka. Ikiwa sisi pia hatuipendi Nuke, hatuna haja ya kutumia nafasi yetu; wao wataiondoa. Hatari ipo katika zile mara tatu. Wakiamua siku hiyo kuiacha, wanaweza kuichagua kabla hatujafika kwenye uondoaji wetu wa pili. Timu isiyoweza hata kusimama Nuke inapaswa kuipima hatari hiyo. Timu inayoicheza vibaya kiasi inaweza kuibeba.

Kwa hiyo kwenye veto hii ningeondoa Mirage, ningewaachia B kazi ya kuondoa Nuke, na Ancient ningeiacha wazi. Sio kwa sababu nimethibitisha ni dhaifu kwao. Ni kwa sababu hakuna kitu katika mechi tisa kinachostahili kugharimu uondoaji wetu wa kwanza, hasa kama sisi wenyewe tunaicheza vizuri. Kinachohesabiwa ni tofauti kati yetu na wao kwenye kila ramani. Nguvu yao peke yake haitoshi kuamua.

Kabla ya kufunga daftari, tarehe nazo zitazamwe. Tuseme B walibadilisha mchezaji anayetoa amri miezi minne iliyopita. Tangu hapo wamecheza Ancient mara mbili, wakashinda moja na kupoteza moja. Sampuli yetu ya tisa sasa ni ya mbili, na saba nyingine ni historia ya timu ambayo haipo tena. Wachambuzi wengi huanza kwa kuchuja miezi mitatu ya mwisho na kikosi kilekile. Ni busara, ingawa kila chujio linalofanya data iwe sahihi zaidi linaifanya pia iwe chache, na hakuna namba ya miezi inayotatua mvutano huo.

Mvutano huo ulionekana wazi Januari 2025, Valve, wenye mchezo, walipoirudisha Train kwenye ramani saba za mashindano na kuitoa Vertigo. Train ilikuwa nje tangu Mei 2021, na iliyorudi ilikuwa imejengwa upya. Rekodi za zamani zilikuwa za uwanja mwingine, za vikosi vingine na za mchezo wa raundi 30. Katika wiki za mwanzo hakukuwa na kiwango cha ushindi cha kusoma kwa timu yoyote. Kilichokuwepo ni orodha za veto: nani anaiondoa Train mara ya kwanza, nani anaisubiri hadi mwisho, na nani, bila kulazimishwa na mtu, anaichagua.